Hiyo Siyo Korogwe

Mwaka jana rafiki yangu mmoja, mwandishi wa hadithi fupi aliyezaliwa Misima huko Handeni, alinitumia kwenye simu picha ya jalada la kitabu chake. Hadithi zake zote zinatokea kati ya stendi ya Korogwe na soko la Chanika, pale Handeni mjini. Ni kitabu cha barabara moja, ile lami ya kilometa sitini na kitu, na watu wanaopanda na kushuka njiani. Jalada lilikuwa na picha ya mtaa wenye pilikapilika: pikipiki zimejipanga, bajaji zinasukumana, mkokoteni umebeba magunia, baiskeli imekatiza katikati. Chini yake jina la kitabu na jina la mwandishi. Picha nzuri, rangi nzuri. Kasoro yake moja tu: haikuwa Korogwe, haikuwa Handeni, na haikuwa Tanzania.

Rafiki yangu alipolalamika, mchapishaji alimjibu kwa upole kwamba mtaa wa Afrika Mashariki ni mtaa wa Afrika Mashariki. Vumbi ni lile lile, bodaboda ni zile zile. "Nani atajua?"

Nimeandika makala hii kwa ajili ya hilo swali. Jibu lake ni kwamba atajua mtu yeyote anayeishi kwa barabara hiyo, na atajua kwa sekunde kumi. Asiyejua ni sisi tunaojiita watu wa vitabu. Tunaweza kubishana wiki nzima kuhusu nafsi ya msimulizi, lakini tukipewa picha ya mtaa tunaona "pikipiki" na "baiskeli", basi, tumemaliza. Na nianze na mimi mwenyewe, kwa sababu nilikosea kuliko mchapishaji.

Nilivyojiaibisha

Kitu cha kwanza nilichokiangalia kwenye picha ile ni upande wa barabara. Pikipiki zinazotujia zilikuwa kushoto kwa picha, zinazotupa mgongo zilikuwa kulia. Maana yake ni kwamba watu wale wanaendesha kulia. Tanzania, Kenya na Uganda tunaendesha kushoto. Rwanda, Burundi na Kongo wanaendesha kulia. Nikafunga kesi. Nikamwandikia rafiki yangu kwa kujiamini kabisa: hiyo ni Bujumbura, au mji fulani wa mashariki ya Kongo. Nikaongeza na maneno makali ambayo sitayarudia hapa.

Wiki ile nilikuwa Korogwe kwa shughuli za familia. Jirani na stendi kuna fundi baiskeli, mzee ambaye nimemkuta pale tangu nikiwa shule ya msingi. Nilikaa kwenye benchi lake nikisubiri gari la Handeni, nikamwonyesha picha kama mtu anayetafuta wa kumuunga mkono. Akavaa miwani, akaangalia, akarudi nyuma kidogo, akaangalia tena. Akaniuliza:

"Mwanangu, hii baiskeli aliiunda nani? Mlevi?"

Nikamwuliza kwa nini.

"Cheni iko kushoto."

Sikumwelewa. Akainuka, akanishika mkono, akanipeleka kwenye baiskeli zilizokuwa zimeegemezwa ukutani. Moja baada ya nyingine. Phoenix, cheni kulia. Avon, cheni kulia. Baiskeli ndogo ya mtoto yenye rangi ya waridi, cheni kulia. Duniani kote, ukikaa juu ya baiskeli ya kawaida, cheni na gia kubwa ya pedeli viko upande wa mguu wako wa kulia. Haijalishi unatoka China, India au Uingereza. Ile ya kwenye picha cheni yake ilikuwa upande wa mguu wa kushoto.

Maana yake ni moja tu. Picha ilikuwa imegeuzwa, kama mtu anavyojiona kwenye kioo. Aliyetengeneza jalada alihitaji nafasi wazi upande mmoja ili jina la kitabu likae vizuri, akaigeuza picha nzima kwa kubofya mara moja. Mtaa uliokuwa unaendesha kushoto ukawa unaendesha kulia. Na mimi, na elimu yangu yote, nikaupeleka Burundi.

Kijana wa bodaboda aliyekuwa anasubiri pancha yake izibwe akasogea kuangalia. Yeye hakuangalia baiskeli, aliangalia pikipiki. "Kweli, imegeuzwa," akasema. "Ona Boxer hii, bomba la moshi liko kushoto." Kwenye Boxer, na kwenye TVS pia, bomba la moshi liko kulia na cheni iko kushoto, kinyume cha baiskeli. Kwa hiyo ndani ya picha moja kulikuwa na mashahidi wawili wasiojuana, na wote wanasema kitu kimoja. Baada ya hapo hakukuwa na haja ya kubishana.

Herufi isiyojua kujificha

Basi tukajua kwamba mtaa ule unaendesha kushoto. Tanzania ikarudi kwenye orodha. Kwa dakika moja nikawa na wasiwasi kwamba mchapishaji alikuwa sahihi na mimi ndiye mpuuzi.

Mabango ya maduka yalikuwa yamefifishwa makusudi, ili yasisomeke. Namba za pikipiki nazo zilifutwa kwa ukungu. Lakini aliyefuta hakuwa makini. Kwenye kona ya chini palikuwa na bajaji imekatwa nusu na ukingo wa picha, na kibao chake cha namba kilikuwa hakijaguswa. Kijana wa bodaboda akakikuza kwa vidole viwili. Zilionekana herufi tatu kwa mpangilio huu: W, T, halafu K iliyogeuka, mikono yake imeelekea kushoto.

"Namba gani hii ya ajabu?" akasema.

Fundi akacheka. Hapo kwa jirani kuna kinyozi, akatuambia twende kwenye kioo chake. Tukaenda, watu watatu na simu moja, tukamsogeza mteja aliyekuwa ananyolewa. Herufi T na W hazibadiliki kwenye kioo, ndiyo maana macho yetu yalizipita bila kushtuka. K ndiyo iliyotusaliti. Kwenye kioo ilisomeka vizuri: KTW.

Hapo kijana akamaliza kesi. "Kenya hiyo, kaka. Hizo siyo bajaji, hizo tuktuk."

Alikuwa sahihi, na inafaa nieleze kwa nini, kwa sababu hapa ndipo penye elimu halisi. Kenya huwapa vyombo vya matairi matatu mfululizo wao wenyewe wa namba, unaoanza na KTW. Pikipiki zao zina mfululizo mwingine, unaoanza na KM, kisha herufi mbili, kisha tarakimu tatu na herufi ya mwisho. Kwetu pikipiki na bajaji zote mbili zinaanza na MC, kisha tarakimu tatu, kisha herufi tatu. Huhitaji kusoma namba yenyewe. Hesabu tu: kibao kinachoanza kwa kundi la herufi nne ni cha pikipiki au tuktuk ya Kenya. Kibao chenye herufi mbili, tarakimu, halafu kundi la herufi tatu ni cha kwetu. Hata namba iliyofunikwa na matope nusu inaweza kukwambia hilo.

Tuliporudi kwenye benchi, tukaona na mengine ambayo sasa yalikuwa yanajipanga yenyewe. Nyuma kabisa ya picha palikuwa na basi dogo lenye mstari wa njano ubavuni, ule mstari ambao matatu za Kenya zimekuwa nao tangu amri za mwaka 2004. Palikuwa na magari mawili, moja tunaliona usoni na jingine mgongoni. La usoni lina kibao cheupe, la mgongoni lina kibao cha njano. Kwa majirani zetu Kenya na Uganda, gari moja lilizoea kubeba rangi mbili, nyeupe mbele na njano nyuma. Kwetu gari lina rangi moja pande zote: njano kama ni la mtu binafsi, nyeupe kama ni la biashara. Jambo dogo. Ukishaliona huwezi kuacha kuliona.

Jina la kitu

Nataka nikae kidogo kwenye neno la yule kijana: "Hizo siyo bajaji, hizo tuktuk." Kwa mtengenezaji wa Kihindi ni chombo kile kile. Injini nyuma, usukani kama wa pikipiki katikati, turubai juu. Kampuni ya Bajaj imetuuzia chombo na jina lake, na sasa kwetu hata TVS ya matairi matatu ni bajaji. Ukivuka mpaka Horohoro kwenda Lungalunga, chombo hicho hicho kinakuwa tuktuk. Ethiopia nao wanasema bajaji, lakini zao utazijua kwa rangi ya buluu, tena wanaendesha kulia. Msumbiji ni chopela.

Kwa hiyo mwandishi anayeandika "tuktuk ilisimama mbele ya stendi ya Korogwe" ameshajitambulisha. Amesema kwamba hajawahi kushuka pale, au ameshuka akiwa na macho ya mtalii. Najua kwa sababu na mimi niliwahi kuandika hivyo, kwenye hadithi yangu ya kwanza kabisa, nikidhani neno lile lina ladha. Mjomba wangu wa Chanika aliisoma hadithi hadi mwisho, akanirudishia karatasi, akasema, "Nzuri, mjomba. Inatokea nchi gani?"

Na hili linahusu wakati pia, si mahali tu. Nimesoma mswada mmoja ambao shujaa wake anafika Handeni mwaka 1985 na kuchukua bodaboda kutoka kituoni. Hapana jamani. Neno lenyewe lilizaliwa mpakani Busia, kati ya Kenya na Uganda, kwa watu waliokuwa wanavusha abiria kwa baiskeli kutoka mpaka hadi mpaka. Pikipiki za abiria zilitapakaa kwetu katika miaka ya 2000 kuelekea mwishoni, zilipoanza kuingia zile za Kichina za bei nafuu, na kanuni za kuzipa leseni ya kubeba abiria, hizo pikipiki na bajaji, ni za mwaka 2010. Handeni ya mwaka 1985 ni ya miguu, ya Landrova, ya lori la kubahatisha, na ya baiskeli, pengine ile ya Swala iliyokuwa inatengenezwa Dar es Salaam. Ukimpandisha shujaa wako bodaboda mwaka huo, umeharibu sura nzima. Mtu aliyetembea kilometa kumi na tano akiwa na sanduku kichwani hafiki mlangoni kwa mama yake akiwa mtu yule yule aliyeshushwa na pikipiki.

Mashahidi wa kweli na mashahidi wa uongo

Sasa nisije nikawafanya watu wajione wapelelezi. Si kila kitu kwenye picha ya mtaa kinaweza kutoa ushahidi, na wengi wanadanganywa na kile kinachovuta macho kwanza.

Aina ya pikipiki, kwa mfano, ni shahidi dhaifu. Boxer iko Korogwe, iko Kampala, iko Kisumu, iko Lagos. Kijiwe kizima kinaweza kuwa na pikipiki za aina moja kwa sababu isiyo na uhusiano na nchi. Tajiri huwapa vijana pikipiki kwa mkataba, naye hununua ile ambayo spea zake ziko kwenye maduka ya karibu na fundi anaijua. Kijana analeta hesabu kila siku. Pikipiki ikilala siku mbili ikisubiri spea kutoka Dar, mkataba unayumba. Kwa hiyo ukiona SanLG nyingi zimepangana unaweza kuanza kufikiria Tanzania, maana zilitamba sana kwetu. Lakini huo ni mwanzo wa kufikiria, usifunge kesi hapo.

Kofia nayo inadanganya. Kuna mtu aliniambia kwamba kofia ngumu ya rangi ya chungwa maana yake ni Kampala, kwa sababu ya SafeBoda walioanza huko mwaka 2014. Lakini SafeBoda hao hao waliingia Nairobi mwaka 2018 wakaondoka mwaka 2020, na walifika hadi Ibadan, Nigeria. Kofia moja, nchi tatu. Shuka la Kimasai juu ya pikipiki nalo halisemi Kenya wala Tanzania. Handeni ina Wamasai tangu zamani, na tangu mwaka 2022 wameongezeka waliohamishiwa Msomera kutoka Ngorongoro. Kijana mwenye shuka jekundu na Boxer ni sura ya kawaida kabisa siku ya gulio.

Mkokoteni je? Hapa nimefikiri sana, kwa sababu wengi wetu tunaupenda mkokoteni kwenye maandishi. Una sura ya kale. Ukweli ni kwamba mkokoteni wa Korogwe na wa Mombasa ni ndugu wa tumbo moja: ekseli ya gari bovu, matairi mawili, mbao juu, na mpini wa kuvutia. Hata jina ni moja pande zote mbili za mpaka. Jina linaloachana ni guta, ile baiskeli ya mizigo ya matairi matatu, ambayo siku hizi imewapa jina hata pikipiki za mizigo. Ukilisikia neno hilo, uko kwetu. Lakini picha haina sauti.

Mkokoteni hauwezi kukwambia nchi, ila unaweza kukwambia kitu kizuri zaidi, yaani shida ya mji. Usiangalie matairi, angalia mzigo. Kwenye stendi ya Korogwe mkokoteni unabeba magunia na matenga ya kupakia kwenye mabasi ya Arusha na Dar. Handeni, kwa miaka mingi, mkokoteni umebeba maji. Madumu ya njano ya lita 20, yamepangwa safu, yamefungwa kwa mpira. Mji uko juu, mbali na mto. Maji ya bomba lile kubwa yanatoka mto Pangani, upande wa Korogwe, na mabomba yakikauka ndipo mkokoteni na baiskeli vinapokuwa tajiri. Dumu lenyewe lipo Afrika nzima, halithibitishi chochote. Lakini safu ya madumu matupu mbele ya nyumba yenye koki, na mikokoteni imesimama foleni, hiyo ni hadithi ya mji fulani katika mwezi fulani. Kwenye jalada lile mkokoteni ulibeba magunia. Rafiki yangu ana hadithi nzima ya msukuma mkokoteni wa maji. Ndiyo hadithi bora kuliko zote kitabuni.

Baiskeli iko katikati. Ile nyeusi ndefu, yenye breki za vyuma na keria nzito, ni moja kutoka Malawi hadi Sudan Kusini. Wakenya wanaiita Blakmamba, sisi tunaiita kwa chapa yake, Phoenix. Fremu haisemi kitu. Kinachosema ni kile ambacho mwenyewe ameongeza. Baiskeli ya kwenye jalada ilikuwa na mto mnene juu ya keria, umeshonwa kwa ngozi ya bandia, na vyuma vya abiria kuweka miguu. Hiyo ni baiskeli ya kubeba watu. Utaiona Kisumu na magharibi ya Kenya, utaiona Rwanda na Burundi, na kwetu utaiona Kahama na Shinyanga, ambako wanaiita daladala. Baiskeli za Handeni ninazozijua mimi zimeongezewa vitu vingine: nondo zimechomelewa kwenye uma wa mbele, fito mbili zimefungwa nyuma ziende juu, zote kwa ajili ya gunia la mkaa. Baiskeli ile haipandwi. Inasukumwa usiku kucha, mtu anatembea pembeni kama anaongoza ng'ombe.

Kuna chombo kimoja tu katika ukanda wetu ambacho kikionekana kesi imekwisha: chukudu ya Goma. Mbao tupu, magurudumu mawili ya mbao yaliyovishwa mpira, usukani kama pembe, hakuna pedeli, hakuna cheni. Mwenyewe anaweka goti moja juu yake na mguu mmoja anasukumia ardhini, akishuka kutoka vilimani na viazi au makaa. Mji wenyewe umemjengea sanamu. Vingine vyote vinahitaji mashahidi wawili au watatu wanaokubaliana. Shahidi mmoja hatoshi. Mimi nilimsikiliza mmoja, nikaishia Bujumbura.

Kwa wale wanaosema haijalishi

Nimejibiwa kwa namna tatu, na zote nimezisikia kutoka kwa watu ninaowaheshimu.

Wa kwanza wanasema msomaji hajali. Nawauliza, msomaji yupi? Mnapofikiria msomaji mnamwona mtu wa Masaki au wa London, ambaye kwake Handeni na Kisumu ni vumbi moja. Kijana wa bodaboda kwenye benchi la fundi alijali ndani ya dakika moja. Tena alikuwa na ujuzi wa kusoma ile picha kuliko mimi, mchapishaji na mchora jalada tukijumlishwa. Mnalia kila siku kwamba Watanzania hawasomi. Basi siku kitabu kinapoandikwa kuhusu barabara yake, mnamwekea barabara ya mtu mwingine mlangoni, halafu mnashangaa kwamba hakuingia.

Wa pili wanasema mipaka ilichorwa Berlin, sisi ni wamoja, acha ukabila wa namba za pikipiki. Hoja hii ina heshima yake, na sina ugomvi na umoja. Lakini umoja ni wa watu wanaojuana. Picha ile ilimdhulumu hata yule dereva wa tuktuk. Alikuwa kazini kwenye mji wake, mji wenye jina. Tukamfuta jina, tukamgeuza kulia kwenda kushoto, tukamwambia asimame badala ya mtu wa Korogwe. Sioni undugu wowote hapo. Na mpaka wenyewe, ukitaka kuuheshimu au kuucheka, lazima kwanza uuone. Pikipiki ya MC iliyoegeshwa Taveta upande wa Kenya ni hadithi tamu kabisa. Kwa mtu asiyejua MC ni nini, hadithi hiyo haipo.

Wa tatu wanasema fedha. Picha za mtandaoni ni rahisi, kutuma mpiga picha ni gharama. Hapa nitasema kwa ufupi: nauli ya basi. Simu ya kawaida tu inatosha. Simama stendi ya Korogwe saa mbili asubuhi, mabasi ya Arusha yanapoingia na bajaji za Manundu zinagombea abiria, omba ruhusa kwa watu utakaowapiga, nunua chai. Ukitaka Handeni, subiri siku ya gulio. Gharama kubwa ni ile ya kukubali kwamba mahali hapo ni mahali.

Walichofanya mwishoni

Rafiki yangu aliandika barua ndefu kwa mchapishaji. Alieleza yote: cheni, bomba la moshi, K iliyogeuka. Alimtaja hadi fundi. Wiki mbili baadaye alipokea majibu mafupi yenye shukrani nyingi. Walikiri kwamba kweli picha iligeuzwa kimakosa, waliomba radhi, na waliahidi kurekebisha kabla ya kuchapa.

Walirekebisha. Kitabu kilitoka, nami nilinunua nakala tatu. Moja nilimpelekea mjomba Chanika, moja nimebaki nayo, moja nilimpelekea fundi pale Korogwe. Alivaa miwani yake, akaangalia jalada, akatikisa kichwa taratibu kama mtu aliyeridhika.

"Cheni wameirudisha kulia," akasema.

Ni kweli. Wameigeuza picha ikae sawa. Sasa magari yanapita kushoto, bomba la Boxer liko kulia, kila kitu kiko mahali pake. Na pale kwenye kona ya chini, pembeni kidogo ya jina la mtu wa Misima, sasa huhitaji tena kioo cha kinyozi. Inasomeka wazi kabisa, KTW.